Jumamosi usiku si usiku wa Jumamosi

Mtu anayekula ugali kwa mkono hawezi kuandika namba ya simu. Vidole vimeshika tonge, kalamu haijulikani iko wapi, na redio iko juu ya kabati inaendelea kusema. Mwenzake yuko kwenye bodaboda, anasikia tangazo lile lile kwenye kibanda cha kinyozi wakati pikipiki inapunguza mwendo kwenye tuta. Wa tatu yuko jikoni, mafuta yanachacharika. Hao ndio watu ambao hoteli inataka waje Jumamosi, wakae kwenye kiti kimoja maalumu, wakiwa wamekwishalipa. Karatasi inayowatoa huko iliko redio na kuwafikisha kwenye kiti hicho huitwa skripti, na huwa haizidi nusu ukurasa.

Nusu ukurasa huo unaonekana kazi nyepesi. Meneja huandika mwenyewe ofisini, au humpa kijana wa masoko, au huipeleka stesheni ya redio ikiwa maelezo tu na kuwaachia waiandike. Tangazo linasomwa, muziki unawekwa, fedha zinalipwa. Kisha simu ya mapokezi inaanza kulia, na kila anayepiga anauliza jambo ambalo tangazo lilipaswa kuwa limekwishalisema.

Ili jambo hili lionekane vizuri, tuchukue hoteli ya kubuni, tuiite Hoteli ya Mfano, na tuiweke Raskazone, Tanga, upande wa bahari. Inataka kuandaa usiku wa taarabu Jumamosi ya tarehe 15 Agosti 2026. Mji haukuchaguliwa kwa bahati nasibu: Tanga ndiko walikotoka Black Star na Lucky Star, vikundi alivyoimbia Bi Shakila, na mpaka leo wako wakazi wanaojua tofauti ya taarabu ya fidla na ile ya rusha roho. Hoteli ina viti 120 uwanjani, bei ni shilingi 35,000 kwa mtu pamoja na chakula, na mpishi atapika pilau ya samaki. Skripti ya kwanza iliyotoka ofisini ni hii:

"Hoteli ya Mfano, hoteli yenye hadhi ya kimataifa na mandhari ya kuvutia, inayo furaha kubwa kuwatangazia wateja wake wote na wakazi wote wa Jiji la Tanga na vitongoji vyake kwamba wikiendi ijayo, usiku wa Jumamosi, kuanzia saa nane usiku, itawaletea burudani kabambe ya taarabu asilia itakayoambatana na vyakula mbalimbali vya mwambao. Wote watakaohudhuria watafurahia huduma bora na usalama wa kutosha. Kiingilio ni bei nafuu. Kwa maelezo zaidi na kuweka nafasi, wasiliana nasi kupitia namba zetu za simu au tembelea kurasa zetu za mitandao ya kijamii. Nyote mnakaribishwa!"

Nani hajawahi kusikia tangazo la namna hii? Lina adabu, lina Kiswahili sanifu, na halina hata jambo moja ambalo mtu angeweza kulishika na kulifanyia kazi.

Kwanza lipimwe urefu. Redio huuza muda kwa sekunde, kwa kawaida vipande vya 30, 45 au 60, na kosa la kawaida ni kuhesabu maneno. Kwa Kiswahili hesabu ya maneno inadanganya, kwa sababu neno moja laweza kubeba sentensi nzima ndani yake. "Bei" ni silabi mbili. "Watakaohudhuria" ni nane. Zote mbili zinahesabiwa neno moja. Anayejua kazi hii huhesabu silabi, kisha husoma kwa sauti huku anatazama saa. Msomaji asiye na haraka, anayetaka kueleweka, atatoa silabi tano hivi kwa sekunde. Tangazo la hapo juu lina silabi zipatazo 240, yaani sekunde 48 kabla ya muziki wowote. Neno "wikiendi", ambalo ndilo habari ya kwanza ya maana kwa msikilizaji, linafika kwenye sekunde ya 14 au 15. Muda wote kabla ya hapo hoteli ilikuwa inajisifu. Yule wa bodaboda amekwishavuka tuta.

Lakini urefu ni kosa dogo. Kosa kubwa liko kwenye maneno matatu, "usiku wa Jumamosi", na mengine matatu yanayofuata, "saa nane usiku".

Saa nane usiku ilitoka wapi? Bila shaka meneja aliandika kwenye barua pepe kwamba muziki unaanza "8:00 PM", na aliyetafsiri akaiona nane akaiandika nane. Kwa saa za Kiswahili, ambazo huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na kuanza upya linapozama, hiyo ilipaswa kuwa saa mbili usiku. Saa nane usiku ni wakati ambao jogoo wa kwanza hajawika na mlinzi wa hoteli amesinzia. Wasikilizaji wengi watajua kwamba limekosewa, kwa kuwa hakuna anayeanza taarabu saa hiyo. Ila sasa wana mashaka, na mwenye mashaka atafanya moja kati ya mawili: atapiga simu kuuliza, au atabaki nyumbani. Kosa hili hutokea zaidi katika hoteli zenye wageni wa nje, ambako ratiba nzima ya jikoni na mapokezi imeandikwa kwa saa za kizungu. Dawa yake ni ndogo. Anayeandika skripti asitafsiri tarakimu. Aulize jua liko wapi wakati huo, kisha aandike. Kwenye bango la karatasi anaweza kuweka zote mbili, "saa 2:00 usiku (20:00)", ili na mgeni aelewe. Kwenye sauti, moja tu.

"Usiku wa Jumamosi" ni mtego wa hila zaidi, maana hauna kosa la sarufi na kila mtu anadhani ameuelewa. Katika hesabu ya zamani ya pwani, siku mpya huingia jua linapozama. Usiku unatangulia mchana wake. Ndiyo sababu mzee wa Pangani akisema "usiku wa Ijumaa" anakusudia Alhamisi baada ya magharibi, usiku ambao watu wengi husoma Yasini. Kwa hesabu hiyo hiyo, usiku wa Jumamosi ni Ijumaa baada ya magharibi. Kijana aliyekulia Dodoma au Arusha hasikii hivyo hata kidogo. Kwake usiku wa Jumamosi ni ule unaofuata mchana wa Jumamosi. Tanga wapo wote wawili, tena huenda wakawa ndani ya nyumba moja.

Ijumaa jioni, basi, mazungumzo kama haya huingia kwenye simu ya mapokezi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mna taarabu. Ndiyo leo hii, au kesho?"

"Ni kesho, mama. Kesho Jumamosi."

"Mbona redioni wamesema usiku wa Jumamosi?"

Binti wa mapokezi akiwa mzaliwa wa bara, hataelewa swali limetoka wapi. Atajibu kwa upole kwamba ndiyo, ni usiku wa Jumamosi, na mama atakata simu akiwa na mashaka zaidi kuliko alivyokuwa nayo.

Tiba ni kupindua maneno. "Jumamosi usiku" haina utata popote, kwa sababu siku inatajwa kwanza na usiku unakuja baada yake. Kwa shughuli inayovuka saa sita, kama muziki utakaokwisha saa saba, ipo njia ambayo wasomaji wa taarifa za habari wameizoea siku nyingi: "usiku wa kuamkia Jumapili". Hiyo nayo haimchanganyi mtu yeyote, awe wa pwani au wa bara.

Limebaki neno "ijayo". Tangazo likirushwa Jumatatu, "wikiendi ijayo" ni ipi? Nusu ya watu watasema ile iliyo mbele siku tano. Nusu nyingine watasema hiyo ni "wikiendi hii", na ijayo ni ya wiki inayofuata. Hakuna haja ya kuwapatanisha. Tarehe itajwe, na itajwe pamoja na jina la siku, ili kimoja kikimpotea msikilizaji kingine kimrudishe. Hapo hapo mwandishi afungue kalenda kwa macho yake. Skripti nyingi hunakiliwa kutoka kwenye shughuli ya mwaka uliopita, na tarehe 15 Agosti iliyokuwa Ijumaa mwaka 2025 inakuwa Jumamosi mwaka 2026. Siku na tarehe zikigombana redioni, msikilizaji hana njia ya kujua ipi ni ya kweli.

Kuna jambo jingine la masikio ambalo Kiswahili kimelileta chenyewe. Sita na tisa. Chukua silabi za moja, zibadilishie konsonanti nafasi, unapata nyingine. Kwenye redio yenye mkwaruzo, au kwenye spika ya duka iliyofunguliwa kupita kiasi, "mwezi wa sita" na "mwezi wa tisa" vinakaribiana mno, na vivyo hivyo saa sita na saa tisa. Kwa tarehe, jina la mwezi linaokoa: Juni na Septemba hazifanani kabisa. Kwa saa, neno la wakati ndilo linalookoa, kwa kuwa "saa tisa alasiri" haiwezi kuwa saa sita. Hoteli yetu ina bahati, mwezi wake ni wa nane. Hata hivyo "Agosti" ni silabi tatu, "mwezi wa nane" ni tano, na sekunde zinalipiwa.

Baada ya lini huja wapi. Skripti ya ofisini haikutaja mahali kabisa, labda kwa dhana kwamba kila mtu anaijua hoteli. Wakazi wa jirani wanaijua. Anayetoka Muheza kwa gari la shemeji yake haijui. Jina la mtaa na namba ya kiwanja havimsaidii, kwa sababu hakuna anayeelekezana hivyo. Watu huelekezana kwa vitu vinavyoonekana. Skripti nzuri huchagua alama moja kubwa ambayo haihami, kisha ishara moja ya kuonekana usiku. Hapa alama ni Hospitali ya Bombo, ambayo kila mtu wa Tanga ameshaipita. Ishara ni taa za kijani getini, na taa hizo lazima ziwepo kweli na ziwake tangu magharibi. Kibanda cha chipsi hakifai kuwa alama. Kikifungwa siku hiyo, tangazo limekufa.

Sasa kuna namba ya simu, ambayo ndiyo inayokula muda kuliko kitu kingine chochote. Namba za Tanzania zina tarakimu kumi. Kwa Kiswahili kila tarakimu ina silabi mbili, isipokuwa sifuri yenye tatu. Namba moja, basi, haiwezi kupungua silabi 21, na ikiwa na sifuri nyingine katikati inazidi. Ikisomwa taratibu kwa mafungu, tarakimu nne, tatu, kisha tatu, inachukua sekunde tano au sita. Ikirudiwa, na lazima irudiwe, ni sekunde kumi na zaidi. Kwenye tangazo la sekunde 30 hiyo ni theluthi nzima. Hoteli zinazotaja namba tatu za simu redioni, na zipo nyingi, zinalipia nusu dakika ya tarakimu ambazo hakuna anayezishika hata moja. Namba iwe moja. Iwe ya simu iliyo mkononi mwa mtu wa mapokezi, yenye chaji, na siyo ya meneja aliye kikaoni.

Je, hatua za malipo nazo zisomwe redioni? Wengi hujaribu: piga nyota moja hamsini, chagua hiki, ingiza kile. Ni kupoteza pumzi. Anayetumia M-Pesa au Airtel Money anaijua menyu kuliko mtangazaji, na asiyeitumia hataifundishwa na tangazo. Kazi ya redio ni kumfikisha mtu kwenye hatua moja tu, kupiga simu. Hatua ya pili, yaani kulipa, inahamia kwenye ujumbe mfupi ambao mapokezi humtumia mpigaji akiwa bado hajaweka simu chini. Ujumbe huo nao ni skripti, na unastahili kuandikwa mapema badala ya kila mhudumu kubuni wake:

"HOTELI YA MFANO. Taarabu, Jumamosi 15 Agosti, saa 2:00 usiku. Viti 4 = TSh 140,000. Lipa Namba: [namba ya hoteli]. Jina litakalotokea: HOTELI YA MFANO. Mwisho wa kulipa: Alhamisi 13 Agosti, saa 10:00 jioni. Ukishalipa utatumiwa namba ya meza."

Maneno "jina litakalotokea" ndiyo uti wa mgongo wa ujumbe huu. Watanzania wamepokea ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mara nyingi mno, na mtu mwangalifu hatumi shilingi 140,000 kwa namba asiyoijua. Anapoingiza Lipa Namba, simu humwonyesha jina la mfanyabiashara kabla hajathibitisha kwa namba ya siri. Jina hilo likifanana na la redioni, analipa. Likitokea jina la mtu binafsi, au jina la kampuni mama ambalo hajawahi kulisikia, anasita, tena ana haki ya kusita. Hoteli ambayo usajili wake wa malipo uko kwa jina jingine na iseme hivyo waziwazi kwenye ujumbe. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160. Huu utakwenda kama jumbe mbili, na gharama hiyo ndogo inalipa.

Kuhusu bei, "nafuu" si bei. Kwa familia ya watu watano tofauti ya shilingi 35,000 na 50,000 ni elfu sabini na tano, na hakuna atakayetoka nyumbani bila kujua. Kiasi kinachotajwa kiwe ndicho atakachotoa mfukoni, kodi ya ongezeko la thamani ikiwa imo ndani yake, na kiwe kwa shilingi: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni, jambo ambalo hoteli za ufukweni zilikuwa zimelizoea.

Na kwa nini Alhamisi? Watu huona siku ya mwisho kama ukali wa bure, na mhudumu asiyejua sababu huilegeza akibembelezwa. Sababu iko jikoni. Wageni 120 wanataka mchele wa kilo 15 hivi, na huo unapatikana hata Jumamosi asubuhi. Samaki wa kuwatosha hapatikani hivyo. Mpishi lazima aagize kwa wavuvi siku moja kabla, na anaagiza kwa idadi ya waliolipa, siyo ya waliosema "tutakuja". Sababu hii haina nafasi redioni, lakini iandikwe kwenye daftari la mapokezi, ili binti wa simu awe na jibu la kumpa mteja: "Kaka, samaki tunaagiza Ijumaa alfajiri." Mteja akisikia hivyo hagombi.

Yote hayo yakiisha kupangwa, skripti inaandikwa upya. Hii ni ya sekunde 60:

(Fidla na kodiani, sekunde tatu, kisha zinashuka chini ya sauti.)

"Jumamosi usiku, tarehe kumi na tano Agosti: taarabu ya zamani, fidla na kodiani, na pilau ya samaki, pembeni mwa bahari. Ni Hoteli ya Mfano, Raskazone, Tanga. Ukishaipita Hospitali ya Bombo, geti liko upande wa bahari, lenye taa za kijani. Muziki unaanza saa mbili usiku. Shilingi elfu thelathini na tano kwa mtu mmoja, chakula humo humo. Viti ni mia moja na ishirini tu. Kuweka kiti, piga simu. Mwisho Alhamisi tarehe kumi na tatu. Namba ni… Narudia… Jumamosi usiku, tarehe kumi na tano. Hoteli ya Mfano."

(Fidla inapanda, sekunde mbili.)

Ukihesabu silabi zake, namba ya simu ikiwa imo mara mbili, unapata 240 hivi. Ni sawasawa na ile ya kwanza. Hakuna muda ulioongezwa. Kilichobadilika ni kwamba "hadhi ya kimataifa" imetoka na Bombo imeingia.

Yapo mambo mawili humo ambayo sikio hupita bila kuyaona. "Taarabu ya zamani, fidla na kodiani" haikuwekwa kwa pambo. Aliyezoea rusha roho akisikia "taarabu" tupu atakuja akitegemea kinanda cha umeme na mipasho, na saa tatu atakuwa anadai fedha zake mlangoni. Kutaja ala kunamwambia mapema. La pili, imetajwa saa moja tu. Ofisi ilitaka tatu: mlango kufunguliwa saa kumi na mbili, chakula saa moja na nusu, muziki saa mbili. Msikilizaji akipewa saa tatu hubaki na moja, na hutajua ni ipi. Nyingine ziende kwenye ujumbe wa simu.

Tangazo hili litarushwa kwa wiki mbili, na hapo ndipo hoteli nyingi hukosea mara ya mwisho. Zinarekodi toleo moja na kuliacha. Lakini maneno ya siku huchakaa haraka kuliko mkate. Mpaka Jumapili ya tarehe 9, "Jumamosi tarehe kumi na tano" inatosha. Kuanzia Jumatatu inafaa iwe "Jumamosi hii, tarehe kumi na tano", kwa sababu neno "hii" linamgutusha mtu aliyekuwa anasema bado mapema. Toleo hilo linasimama Alhamisi jioni, muda wa malipo unapokwisha. Viti vikibaki, linarekodiwa jingine la sekunde 30 la Ijumaa, lisilo na maelekezo ya njia wala siku ya mwisho, lenye neno "kesho" na idadi ya viti vilivyosalia. Vikiwa vimejaa, linanyamazishwa kabisa. Kuendelea kuita watu kwenye uwanja uliojaa ni kununua ugomvi kwa fedha zako.

Matoleo yote yarekodiwe siku moja studio, isipokuwa sentensi ya viti vilivyobaki, na karatasi inayokwenda stesheni ionyeshe kila toleo linaanza lini na linakoma lini, kwa tarehe na saa. Bila karatasi hiyo, fundi wa zamu ya Jumapili asubuhi ataweka lililo kwenye orodha, na mji mzima utaalikwa kwenye taarabu ya jana.

Gari la matangazo nalo lina hesabu yake. Pikapu inayokwenda kilomita 15 kwa saa hukata mita 250 kwa dakika. Aliyekaa barazani, ikiwa sauti inamfikia vizuri kwa mita 50 kabla gari halijafika na 50 baada ya kupita, anapata sekunde 24, tena hajui ameanzia katikati au mwanzo. Kumsomea skripti ya dakika nzima ni kumpa nusu yake, na huenda ikawa ile nusu isiyo na siku. Ya gari iwe ya sekunde kumi inayojirudia: "Taarabu ya zamani! Jumamosi hii usiku. Hoteli ya Mfano, Raskazone. Namba iko ubavuni mwa gari." Namba inaandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye kitambaa pande zote mbili, na aliye barazani anainua simu anapiga picha.

Lini meneja atajua kwamba skripti imefanya kazi? Idadi ya viti vilivyouzwa haitoshi kumwambia, kwa sababu watu huja kwa njia nyingi. Daftari la mapokezi linasema zaidi, ikiwa mhudumu ataandika swali la kwanza la kila anayepiga kwa neno moja: siku, saa, njia, bei, mengineyo. Wakiuliza saa, saa haikusikika. Wakiuliza njia, alama iliyochaguliwa haijulikani vya kutosha, na bado kuna muda wa kurekodi sentensi ile upya kabla ya wiki ya pili. Anayesema tu "nataka viti vinne" hakuuliza kitu. Kwake skripti imemaliza kazi yake.

Kwa tangazo kama la Hoteli ya Mfano, swali la kutarajia kwenye safu ya "mengineyo" ni moja, na si gumu kulibashiri kwa shughuli ya Jumamosi yenye chakula katika mji wa familia: watoto je? Walioandika hawakulifikiria, kwa sababu walikuwa wanafikiria meza za watu wazima. Likijirudia mara tatu siku ya kwanza, sentensi ya viti 120 inaondolewa kwenye toleo la wiki ya pili, na mahali pake panawekwa nyingine yenye silabi kumi na moja tu: "Watoto wadogo nusu ya bei."